Mbawakavu Wasiotulia

Mwaka 1941, katika jarida la Jumuiya ya Utafiti ya Burma, Harro Bernardelli aliandika juu ya mbawakavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona porini. Alimbuni kwa ajili ya hesabu. Mdudu huyu huishi miaka mitatu. Nusu ya majike hufa kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza. Kati ya wanaosalia, theluthi moja tu huuvuka mwaka wa pili. Hao wachache wanaofika mwaka wa tatu huzaa, kila mmoja, majike sita kwa wastani, kisha nao hufa.

Tuanze na majike 3,000 katika kila rika. Mwaka ukipita, wale 3,000 wa rika la tatu wameacha watoto 18,000. Wa rika la kwanza waliobaki ni 1,500 na sasa wameingia la pili. Wa rika la pili waliobaki ni 1,000 na wameingia la tatu. Mwaka unaofuata tunapata 6,000, 9,000 na 500. Mwaka wa tatu tunapata 3,000, 3,000 na 3,000. Tumerudi pale pale tulipoanzia, na kwa kuwa kanuni ni zile zile, mwaka wa nne utakuwa kama wa kwanza, na hivyo hivyo karne kwa karne. Jumla inapanda kutoka 9,000 hadi 20,500, inashuka hadi 15,500, inarudi 9,000, na haikai mahali pamoja.

Anayezoea hesabu za namna hii lazima ashangae, kwa sababu kwa kawaida hutulia. Ukichukua kundi lolote, ukalipitisha kwenye kanuni ile ile mwaka baada ya mwaka, baada ya muda uwiano wa marika huacha kubadilika na kundi zima huongezeka kwa kiasi kimoja kila mwaka. Kwa nini mengine yatulie na hili likatae? Na hayo yanayotulia, kwa nini mengine huchukua miaka mitano na mengine mia?

Tulitazame kwanza kundi linalotulia vizuri. Chukua mbuzi majike wa makundi mawili, wachanga na wazima, wanaohesabiwa mara moja kwa mwaka. Tuseme kila majike wazima 100 huacha watoto wa kike 80 walio hai siku ya hesabu. Kati ya wachanga 100, 60 hukua wakawa wazima mwaka unaofuata. Kati ya wazima 100, 80 huuona mwaka mwingine. Namba hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mfugaji wa Dodoma au Turkana atakuwa na zake.

Mtu ananunua majike wazima 100 na hana mchanga hata mmoja. Mwaka mmoja baadaye ana wachanga 80 na wazima 80, jumla 160. Mwaka wa pili ana wachanga 64 na wazima 112, jumla 176. Kisha jumla inakuwa 217.6, halafu 258.56, halafu 311.3. (Sehemu za mbuzi zisimsumbue msomaji, hizi ni wastani.) Sasa gawa jumla ya kila mwaka kwa ya mwaka uliotangulia. Mara ya kwanza kundi limezidishwa kwa 1.6, kisha 1.1, kisha 1.236, kisha 1.188, kisha 1.204, kisha 1.199. Namba zinapita juu ya 1.2, zinapita chini yake, na kila zinapopita zinaikaribia zaidi. Uwiano wa wachanga kwa wazima nao unaelekea 2 kwa 3.

Hii 1.2 ndiyo namba kuu ya kundi. Kundi lenye wachanga 2 kwa kila wazima 3 huzidishwa kwa 1.2 bila kubadilika sura: wachanga 200 na wazima 300 huwa 240 na 360. Patrick Leslie, aliyekuwa akifanya kazi Oxford, alionyesha mwaka 1945 jinsi ya kuziandika kanuni za kuzaa na kufa katika jedwali moja la mraba, ambalo wanahisabati huliita matriki. Uwiano usiobadilika sura huitwa vekta aigeni ya jedwali, na kile kiasi cha kuzidisha huitwa thamani aigeni. Jedwali moja linaweza kuwa na kadhaa, na ile iliyo kubwa kuliko zote ndiyo thamani aigeni tawala. Kuitafuta kwa kupitisha orodha ya kuanzia kwenye jedwali lile lile tena na tena, kama tulivyofanya na mbuzi, ndiyo njia ya vipeo. Richard von Mises na Hilda Geiringer waliieleza mwaka 1929 kama njia ya kufanyia kazi hasa, enzi ambazo mahesabu marefu yalifanywa kwa mkono na mashine za mezani.

Kinachofanyika ndani ya hesabu hii hakionekani ukiwatazama mbuzi wenyewe. Jedwali letu lina thamani aigeni mbili. Moja ni 1.2. Nyingine ni −0.4, na uwiano wake ni wachanga 2 kwa wazima −1. Hakuna zizi lenye mbuzi hasi, lakini kwenye daftari wanaruhusiwa, na ndio wanaotufungulia siri. Wale wazima 100 wa mwanzo wanaweza kuandikwa kama jumla ya mafungu mawili: fungu la kwanza lina wachanga 50 na wazima 75, fungu la pili lina wachanga −50 na wazima 25. Ukijumlisha, wachanga ni 0 na wazima ni 100.

Kila mwaka jedwali hulishika kila fungu peke yake. La kwanza linazidishwa kwa 1.2 na kuwa 60 na 90. La pili linazidishwa kwa −0.4 na kuwa 20 na −10. Jumlisha: 80 na 80, ndiyo hesabu tuliyoipata mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili fungu la kwanza ni 72 na 108, la pili ni −8 na 4, na jumla yake ni 64 na 112. Fungu la kwanza linakua na kila mara lina uwiano wa 2 kwa 3. La pili ndilo linaloharibu uwiano, nalo linanyauka. Alama ya kutoa inalifanya ligeuke kila mwaka, na ndiyo maana tuliiona namba ikiruka juu na chini ya 1.2.

Kasi ya kutulia ni mbio za mafungu haya mawili. Kila mwaka la kwanza linazidishwa kwa 1.2 na la pili kwa 0.4, kwa hiyo doa linalosababishwa na la pili, likilinganishwa na kundi zima, linabaki theluthi moja ya lilivyokuwa. Makosa yetu yalikuwa 0.4, 0.1, 0.036, 0.012, 0.004: kila moja ni kama theluthi ya lililotangulia. Kwa lugha ya jumla, kasi huamuliwa na ukubwa wa thamani aigeni ya pili ukigawanywa kwa ule wa kwanza. Alama ya kutoa haihesabiwi hapo. Tuuite huu uwiano wa pili kwa kwanza. Ukiwa theluthi moja, tarakimu moja zaidi ya usahihi inagharimu hatua mbili na kidogo. Ukiwa 0.9, inagharimu hatua 22. Ukiwa 0.99, inagharimu karibu 230.

Hakuna mahali katika hesabu hiyo ukubwa wa jedwali ulipoingia. Jedwali la mistari milioni moja ambalo thamani yake ya pili iko mbali na ya kwanza litatulia kwa hatua chache kuliko jedwali la mistari mitatu ambalo thamani hizo zimebanana. Kila hatua ya jedwali kubwa ina kazi zaidi, hilo halina ubishi, ila idadi ya hatua ni suala jingine. Pa kuanzia nako huwa hakuna uzito mkubwa. Ukianza karibu na jibu unaokoa hatua kadhaa za mwanzo, lakini kila hatua inayofuata inapunguza kosa kwa kiasi kile kile. Hatari ipo tu iwapo orodha ya mwanzo haina hata chembe ya fungu la kwanza, na kwenye kompyuta makosa madogo ya kukata desimali huwa yanalitia chembe hiyo hata bila kukusudia.

Katika kazi halisi kuna jambo dogo la lazima. Wale mbuzi 100, kwa kanuni hizi, baada ya miaka 100 wangezidi bilioni 10, mbuzi ambao dunia nzima haina. Namba zinazokua hivyo mwishowe huzidi uwezo wa kompyuta, na zinazopungua hupotea kuwa sifuri. Kwa hiyo baada ya kila hatua orodha hubadilishwa kuwa asilimia, na kile ilichogawanywa nacho huandikwa pembeni. Orodha ya asilimia inaelekea kwenye vekta aigeni, na namba ya pembeni inaelekea kwenye thamani yake.

Turudi kwa mbawakavu. Nusu mara theluthi mara sita ni moja, maana yake kila jike mmoja anaacha jike mmoja nyuma yake, na thamani aigeni ya kundi ni 1. Uwiano usiobadilika upo: 6 kwa 3 kwa 1. Ukianza na 6,000, 3,000 na 1,000, mwaka wa pili utakuta 6,000, 3,000 na 1,000. Tatizo ni kwamba jedwali lina thamani nyingine mbili, ambazo ni namba changamano, na ukubwa wa kila moja ni 1 kamili. Ukizichora zote tatu kwenye duara, zinakaa kwenye ncha za pembetatu ya pande sawa. Hakuna aliye mkubwa kuliko mwenzake, kwa hiyo hakuna fungu linalonyauka. Lile doa linazungushwa tu, na baada ya miaka mitatu linarudi kama lilivyokuwa.

Chanzo chake katika maisha ya mdudu ni kwamba kuzaa kote kumewekwa kwenye umri mmoja. Waliozaliwa mwaka mmoja watazaa mwaka mmoja, na watoto wao vilevile, bila wa mwaka huu kuchanganyika na wa mwaka jana. Kwa hiyo tumruhusu mdudu azae kidogo akiwa rika la pili. Tuseme 0.2 kwa wastani katika rika la pili, na 5.4 badala ya 6 katika la tatu. Thamani kuu inabaki 1, na uwiano unabaki 6 kwa 3 kwa 1. Lakini thamani mbili zilizobaki zimepungua ukubwa hadi 0.949. Sasa kundi linatulia, ila kwa kujikokota: tarakimu moja ya usahihi inachukua miaka 44. Tuongeze uzazi wa rika la pili uwe 1, na wa tatu ushuke hadi 3. Thamani kuu bado ni 1, uwiano bado ni ule ule, na zile nyingine ni 0.707. Tarakimu moja inachukua miaka 7 hivi.

Wadudu watatu hawa wana jibu moja. Mwenye kuangalia jibu tu hawezi kuwatofautisha, maana tofauti yao yote imo katika thamani ya pili. Wanadamu wako upande wa wanaotulia, kwa kuwa mama wa miaka 18 na wa miaka 40 huzaa watoto wa mwaka mmoja na vizazi vinachanganyika. Hata hivyo wimbi halifi mara moja. Watoto wengi waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia huko Marekani waliacha wimbi jingine, dogo zaidi, walipofikia wao umri wa kuzaa.

Mwenye kukokotoa hana haja ya kumsubiri mdudu abadili tabia. Akitaka tu kujua uwiano wa mbawakavu wa Bernardelli, anaweza kulidanganya jedwali: kila hatua achukue wastani wa orodha ya zamani na orodha mpya. Kutoka 3,000 kwa kila rika, anapata 10,500, 2,250 na 2,000. Kisha 11,250, 3,750 na 1,375. Na hatua ya sita iko karibu na 8,906, 4,477 na 1,523. Anaelekea 9,000, 4,500 na 1,500, yaani 6 kwa 3 kwa 1. Kuchukua wastani kumeisogeza pembetatu yote upande mmoja. Thamani kuu imebaki 1, na zile nyingine mbili zimesogea karibu na sifuri hadi ukubwa wa nusu. Orodha zilizomo njiani si idadi ya wadudu wa mwaka wowote, ni vikanyagio tu vya kufikia jibu.

Ugonjwa wa mbawakavu ulijitokeza tena mahali pasipo na mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walitaka kuzipanga kurasa za mtandao kwa uzito wake. Walimfikiria msomaji anayebofya viungo bila mpango, kutoka ukurasa hadi ukurasa, na uzito wa ukurasa ukawa sehemu ya muda anaoutumia hapo. Sehemu hizo ni vekta aigeni ya jedwali kubwa mno, na namna ya kuipata ni njia ya vipeo: gawa uzito kwa kurasa zote, upitishe kwenye viungo, rudia.

Sasa fikiria kurasa mbili ambazo kila moja ina kiungo kimoja tu, kwenda kwa mwenzake. Msomaji akiingia hatoki, na uzito unarushwa huku na huku daima. Ni mbawakavu wa miaka miwili. Mtandao umejaa vifungo vya namna hiyo, na kila kifungo huleta thamani aigeni yenye ukubwa wa 1 kushindana na ile kuu. Page na Brin walimpa msomaji wao uhuru: mara 85 kati ya 100 anafuata kiungo, na mara 15 anachoka na kurukia ukurasa wowote ule. Kila hatua, asilimia 15 ya uzito inasahau ilikotoka na kusambazwa upya, kwa hiyo doa lolote linabaki na asilimia 85 yake, au pungufu. Taher Haveliwala na Sepandar Kamvar walithibitisha mwaka 2003 kwamba thamani ya pili ya jedwali hili haiwezi kuzidi 0.85, na kwamba mtandao ukiwa na angalau vifungo viwili visivyo na njia ya kutokea, inakuwa 0.85 kamili.

Ndiyo sababu Page na wenzake waliripoti kwamba data yenye viungo milioni 322 ilitulia kwa hatua takriban 52, na nusu ya data hiyo kwa hatua takriban 45. Kuzidisha mtandao mara mbili kuligharimu hatua saba. Ukizidisha 0.85 kwa yenyewe mara 52 unapata kama 0.0002, kiasi kinachotosha kwa kazi ya kupanga kurasa. Wangeweza kuchagua 0.99, ambayo inaheshimu viungo zaidi na kumrusha msomaji mara chache. Lakini tarakimu moja ya usahihi ingepanda kutoka hatua 14 hadi karibu 230, na kila hatua ni kuupitia mtandao wote.

Hiyo 0.99 ina mtego mwingine, nao huwanasa wengi kuliko ucheleweshaji. Watu husimamisha hesabu pale hatua mpya inapofanana na iliyotangulia. Kwa mbuzi wetu hakuna madhara. Lakini uwiano ukiwa 0.99, kila hatua inaondoa asilimia moja tu ya kosa lililopo, kwa hiyo badiliko ni dogo tangu mwanzo, na kosa linalobaki nyuma yake linaweza kuwa kubwa mara 99 kuliko badiliko hilo. Hesabu inaonekana imetulia na kumbe bado inasafiri. Kuijua ni rahisi: usitazame badiliko moja, tazama mawili yanayofuatana. Gawa la sasa kwa lililopita. Ukipata 0.3, simama ukitaka. Ukipata 0.99, umeshaujua uwiano wa pili kwa kwanza bila kuutafuta, na unajua safari iliyobaki ni ndefu. Kwa 0.85 ya Page na Brin, kosa lililobaki haliwezi kuzidi badiliko la mwisho mara 5.7, ikiwa yote mawili yamepimwa kwa kujumlisha tofauti za kurasa zote.